Kilele, RMS na wimbi la skrini: namba tatu za koili moja

*"Shikamoo mwalimu. Tuko kidato cha sita, Dodoma mjini. Tumezungusha kwa mota koili ya raundi 100, sm 4 kwa sm 5, mizunguko 25 kwa sekunde, katikati ya sumaku zilizoandikwa 40 mT. Hesabu inatupa volti 1.26, oskiloskopu imetupa volti 2.5, multimita 0.88. Tulipoongeza kasi mara mbili mchoro ulitoka nje ya skrini, tukarekebisha, ukarudi na urefu uleule wa mwanzo. Na kitaa cha ledi kilichogoma mwanzoni kikawaka. Tuandike ipi?"*

Marahaba, na mbukwenyi nyote mliokuwa kwenye benchi hilo. Msifute kitu. Namba zote tatu ni sahihi na zote zimetoka kwenye wimbi moja, ila kila moja imepimwa kwa namna yake. Hesabu yenu ilitafuta kilele, yaani kimo cha wimbi kutoka mstari wa sifuri hadi juu kabisa. Kwenye oskiloskopu mlihesabu visanduku kutoka bondeni hadi kileleni, mkapata kilele mara mbili. Multimita haionyeshi kilele kabisa: inaonyesha RMS, ambayo kwa wimbi la saini ni kilele kilichogawanywa kwa 1.414. Gawanyeni 2.5 kwa 2, mnapata 1.25. Gawanyeni 1.25 kwa 1.414, mnapata 0.88. Ile tofauti ya 1.25 na 1.26 ni ya unene wa mstari wa mwanga kwenye skrini, haina kesi.

Kwenye daftari andikeni zote tatu, kila moja na jina lake: kilele 1.25 V, kilele hadi bonde 2.5 V, RMS 0.88 V. Mwalimu akikuta "volti 2.5" imekaa peke yake ana haki ya kukata alama, kwa sababu hajui mmepima nini.

Sasa ile 1.26 yenyewe. Mmeipata kwa kanuni E₀ = NBAω, na nashuku mlijaza namba tu mkabonyeza kikokotoo. Ipateni tena kwa kufuata waya, mtaona kanuni ilikotoka. Nachukulia kwamba pande ndefu za koili, zile za sm 5, ndizo zilizolala sambamba na mhimili, kama ilivyo kwenye vifaa vingi vya shule. Mhimili unapita katikati ya upana wa sm 4, kwa hiyo kila upande mrefu uko sm 2 kutoka kwenye mhimili. Mizunguko 25 kwa sekunde ni radiani 157 kwa sekunde, na kwa nusu kipenyo cha mita 0.02 waya huo unakwenda mita 3.14 kila sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Waya wa mita 0.05 ukikata uga wa tesla 0.04 moja kwa moja kwa mwendo huo, ndani yake inazaliwa volteji Blv = 0.04 × 0.05 × 3.14, ambayo ni volti 0.00628. Ni milivolti sita na ushee, basi.

Upande wa pili unakwenda kinyume, lakini ukilifuata duara la waya volteji zake mbili zinasukuma kuelekea njia moja, kwa hiyo zinajumlishwa: milivolti 12.6 kwa raundi moja. Raundi 100 zimeunganishwa mfululizo, na hapo ndipo inapopatikana volti 1.26. Pande fupi za sm 4 hazichangii kitu. Nazo zinakata uga, ila msukumo wa umeme ndani yake unaelekea upande wa unene wa waya badala ya urefu wake, na huo hauwezi kupeleka mkondo popote. Kuna wanafunzi hujumlisha pande zote nne wakapata jibu kubwa lisilofanana na kipimo chochote.

Hesabu hiyo ni ya wakati mmoja tu katika mzunguko, pale pande ndefu zinapovuka mistari ya uga kwa pembe mraba. Wakati huo bapa la koili limelala sambamba na mistari ya uga, na fluksi inayopita ndani ya koili ni sifuri. Hapa wengi wanakwama: inawezekanaje volteji iwe kubwa kabisa wakati hakuna fluksi inayopita? Mpira uliorushwa juu, ukifika mwisho wa kupanda, uko juu kuliko wakati wowote lakini kasi yake ni sifuri. Volteji haitegemei fluksi iliyopo, inategemea fluksi inavyobadilika. Koili inapokabiliana na sumaku uso kwa uso, fluksi imejaa lakini kwa kitambo hicho haiongezeki wala haipungui, pande ndefu zinateleza sambamba na mistari ya uga bila kuikata, na volteji ni sifuri. Robo mzunguko baadaye fluksi imeisha na inabadilika kwa kasi yake yote, na hapo ndipo mnapata kilele. Mkianza kupima pembe kutoka pale koili inapokabiliana na sumaku, volteji ya kila wakati ni E = E₀ sin ωt, ambayo kwenu ni 1.26 sin(157t).

Kuna njia ya kuliona hilo kwa macho bila kuandika mlinganyo. Zimeni mota, zungusheni mhimili polepole kwa vidole huku koili imeunganishwa na galvanomita yenye sifuri katikati. Mshale utasogea kwa nguvu koili inapopita mkao wa kulala sambamba na uga, utarudi sifuri inapokabiliana na sumaku, kisha utaenda upande wa pili. Fanyeni hivyo mara moja na swali la fluksi halitawasumbua tena kwenye mtihani.

Tuje kwenye skrini. Skrini ya kawaida ya oskiloskopu ya shule ina visanduku 8 kwa wima na 10 kwa ulalo, na mistari miwili ya katikati imegawanywa kwa vialama vidogo, vitano kwa kila kisanduku, kwa hiyo kialama kimoja ni kisanduku 0.2. Wima ni volteji, na thamani ya kisanduku inasomwa kwenye swichi ya VOLTS/DIV. Ulalo ni muda, na thamani yake iko kwenye TIME/DIV. Mchoro wenyewe hauna namba. Urefu wake hauna maana mpaka uzidishwe kwa kile swichi inachosema.

Namna ya kusoma vizuri ni hii. Kwanza wekeni swichi ya ingizo kwenye GND, mstari ulionyooka utokee, muusogeze hadi ukae juu ya mstari wa katikati. Hiyo ndiyo sifuri yenu. Kisha rudini kwenye DC (nitaeleza kwa nini si AC). Kwa urefu, mimi napendelea kupima kutoka bonde hadi kilele halafu kugawanya kwa mbili, hata kama ninachotaka ni kilele, kwa sababu sifuri ikiwa imehama kidogo kosa lake linajifuta. Shusheni mchoro hadi mabonde yaguse mstari mmoja mnene wa gridi, kisha sogezeni kushoto au kulia hadi kilele kimoja kikae juu ya mstari wa wima wa katikati wenye vialama. Someni kutoka ukingo wa juu wa mstari wa mwanga bondeni hadi ukingo wa juu wa mstari huohuo kileleni. Mkisoma ukingo wa chini kule na wa juu huku, mmeongeza unene wa mwanga kwenye jibu. Kwa swichi ya 0.5 V kwa kisanduku, kwenu itasoma visanduku 5, na jicho la kawaida linaweza kukosea nusu ya kialama, yaani kisanduku 0.1, sawa na volti 0.05. Kwa hiyo msiandike 2.513. Andikeni 2.5 na mtosheke.

Kwa muda, msipime kutoka kilele hadi kilele. Kilele ni bapa, mtu hawezi kusema katikati yake iko wapi hasa. Pimeni pale wimbi linapokata mstari wa sifuri likipanda, hadi litakapoukata tena likipanda, kwa sababu hapo mstari umesimama wima na sehemu ya kukata inaonekana wazi. Kwa 10 ms kwa kisanduku, wimbi lenu litachukua visanduku 4, ambavyo ni milisekunde 40. Moja gawanya kwa 0.040 ni hezi 25, na hizo ndizo mizunguko 25 kwa sekunde ya mota yenu. Hapa mna kipimo cha kasi ambacho hakihitaji kifaa kingine: skrini inawaambia mota inakwenda kasi gani kweli, si kasi iliyoandikwa kwenye kibandiko chake.

Ndiyo maana lile jambo la kuongeza kasi lilitakiwa liwape furaha badala ya mashaka. Kasi ikiwa mara mbili, ω ni radiani 314 kwa sekunde, waya unakata uga kwa mita 6.28 kwa sekunde, na kilele kinakuwa volti 2.51. Kilele hadi bonde ni volti 5, ambayo kwa swichi ya 0.5 V ingehitaji visanduku 10, wakati skrini ina 8. Lazima itoke nje. Mliporekebisha, bila shaka mligeuza VOLTS/DIV kwenda 1 V, na volti 5 kwa volti 1 kwa kisanduku ni visanduku 5 vilevile. Volteji iliongezeka mara mbili, na kipimo cha kisanduku nacho mkakiongeza mara mbili. Ushahidi ulikuwa kwenye ulalo ambao hamkuugusa: mawimbi yalijibana, kila moja likachukua visanduku 2 badala ya 4. Kwa jenereta ya koili mambo hayo mawili huenda pamoja siku zote, wimbi likijibana nusu lazima lirefuke mara mbili, kwa kuwa ω iko ndani ya kilele na iko ndani ya saini pia. Mkiona kwenye karatasi ya mtihani mchoro uliojibana bila kurefuka, na swichi hazikubadilishwa, basi kuna kingine kimepunguzwa: uga, eneo au raundi.

Sasa RMS, maana hii ndiyo watu wanaikariri kama dua. Volteji yenu nusu ya muda ni chanya na nusu ni hasi, kwa hiyo wastani wake wa kawaida ni sifuri, na sifuri haimwambii mtu kama maji yatachemka. Lakini joto halijali mwelekeo. Nguvu inayotoka kwenye rezista ni V²/R, na kipeo cha pili cha namba hasi ni chanya. Kwa hiyo tunachukua volteji ya kila kitambo, tunaizidisha kwa yenyewe, tunatafuta wastani wa hizo, kisha tunatoa kipeuo cha pili ili turudi kwenye volti. Kwa saini hesabu ni nyepesi: sin² inapanda na kushuka kati ya 0 na 1, juu na chini kwa usawa, kwa hiyo wastani wake ni nusu. Kipeuo cha pili cha nusu ni 0.707, na kugawanya kwa 1.414 ni jambo lilelile.

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230 na hezi 50, na hiyo 230 ni RMS. Kilele chake ni volti 325. Chukua birika la wati 1,000: ukinzani wake likiwa la moto ni omu 52.9. Wakati wa kilele mkondo ni ampea 6.15, na nguvu ya kitambo hicho ni wati 2,000 kamili. Milisekunde tano baadaye volteji inapita sifuri na birika halipati chochote. Kati ya wati 2,000 na sifuri, likipanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, wastani ni wati 1,000 zilizoandikwa chini ya birika. Maana yote ya RMS imo humo: ni volteji ya betri ambayo ingechemsha maji yaleyale kwa muda uleule.

Kwa kuwa mko Dodoma, mfano mkubwa wa kifaa chenu uko Mtera, kwenye Ruaha Mkuu, ambako kuna mitambo miwili ya megawati 40 kila mmoja. Huko wamegeuza mpangilio: sumaku ya umeme ndiyo inayozunguka, na koili zimetulia pembeni. Kanuni haibadiliki, kwa sababu fluksi haijui nani anazunguka, ila mkondo mkubwa hauhitaji kupita kwenye pete na brashi. Na kama kungekuwa na jozi moja tu ya ncha za sumaku kama kwenye benchi lenu, mtambo ungelazimika kwenda mizunguko 3,000 kwa dakika ili upate hezi 50. Mitambo ya maji huenda taratibu zaidi, ikiwa na jozi nyingi za ncha, na kila mzunguko mmoja unatoa mawimbi mengi.

Nimetaja umeme wa nyumbani, kwa hiyo niseme hili kabla hamjajaribu: msichomeke oskiloskopu kwenye soketi ya ukutani ili muone hiyo 325. Kile kibanio cha waya mweusi wa kupimia kimeunganishwa moja kwa moja na ethi kupitia plagi ya oskiloskopu. Kikigusa laivu ni shoti, na anayeshika kibanio ndiye aliye karibu. Mkitaka kuona hezi 50, tumieni transfoma ya maabara ya volti 6 upande wa pili. Mtaona wimbi la milisekunde 20 lenye kilele kama volti 8.5, au zaidi kidogo, kwa kuwa transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilichoandikiwa.

Nirudi kwenye vipimo vyenu, maana safari hii vilikubaliana na safari nyingine havitakubaliana. Mnaposoma namba inayokataa, anzeni kuuliza imekosea kwa kiasi gani, kwa sababu kila kosa lina alama yake.

Ikiwa imekosea mara 10 kamili, tazameni waya wa kupimia. Nyingi zina kiswichi cha X1 na X10. Kwenye X10 wimbi linafika skrini likiwa sehemu ya kumi. Ikiwa imekosea kwa kiasi cha ajabu, tuseme mara 1.7, na kila kipimo kimekosea kwa kiasi hichohicho, tazameni kile kitufe kidogo cha kuzungusha kilicho katikati ya swichi ya VOLTS/DIV. Kisipokaa mwisho kwenye CAL, namba za swichi hazina maana tena, na pale TIME/DIV kuna kingine kama hicho kinachoharibu muda. Oskiloskopu za zamani huwa na ncha ndogo mbele inayotoa wimbi la mraba la kilohezi 1, volteji yake imeandikwa pembeni. Gusisheni waya wa kupimia hapo kabla ya kuanza kazi, na mashaka yote mawili yataisha.

Ikiwa kilele kimepungua kidogo tu, na kinapungua zaidi kadiri mnavyozungusha polepole kuliko kanuni inavyosema, swichi yenu iko AC badala ya DC. Jina linawapoteza watu: wanaona wanapima mkondo unaogeuka, wanachagua AC. Lakini AC pale maana yake ni kwamba wimbi linapitishwa kwenye kapasita ya kuzuia volteji tulivu, na kapasita hiyo inazuia pia mawimbi ya polepole. Kwa oskiloskopu nyingi mpaka uko karibu na hezi 10. Kama uko hapo hasa, hezi 25 zenu zinapoteza kama asilimia 7, kilele kinasoma 1.17. Mkizungusha kwa mkono hezi 5, zaidi ya nusu ya wimbi inapotea. Mkiwa DC hakuna kapasita njiani, na saini inapita kama ilivyo. Kwa jenereta ya benchi, DC siku zote.

Multimita nayo ina mipaka yake, na ukweli ni kwamba mmebahatika. Mita nyingi zimethibitishwa na mtengenezaji kuanzia hezi 40 au 50 kwenda juu. Kwa hezi 25 hazijaahidi kitu. Zile za njano za bei ndogo zenye AC ya 200 na 750 tu hazifai hapa kabisa, kwa sababu hatua yake ndogo kwenye kiwango cha 200 ni volti 0.1, na volti 0.88 iko chini mno kwa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya soketi. Jambo la pili ni kwamba mita isiyoandikwa TRUE RMS haipimi RMS. Inanyoosha wimbi, inatafuta wastani, kisha inazidisha kwa 1.11 kwa kudhani ni saini safi. Likiwa saini, jibu ni sahihi. Lisipokuwa saini, mita inadanganya bila aibu: kwa wimbi la mraba inasoma asilimia 11 zaidi ya RMS ya kweli.

Je, wimbi lenu ni saini? Kwa namba mlizonipa, ndiyo, kwa sababu 1.25 na 0.88 zina uwiano wa 1.42. Lakini tazameni umbo lenyewe. Kanuni ya NBAω inadai uga uliosawazika kila mahali koili inapopita. Sumaku ndogo zilizo mbali hutoa uga mnene katikati na mwembamba pembeni. Na kama koili imefungwa juu ya kipande cha chuma na ncha za sumaku zimechongwa kuzunguka, waya unakata uga kwa pembe mraba kwa sehemu kubwa ya mzunguko, na kichwa cha wimbi kinakuwa bapa. Mkiona kichwa bapa, 1.414 haifanyi kazi tena: RMS iko juu ya 0.707 ya kilele. Vimiiba vidogo visivyotulia juu ya wimbi ni jambo lingine, hayo ni ya brashi kuruka juu ya pete. Kwa vumbi letu la kiangazi, pete zifuteni kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kila jaribio.

Na kama vilima vyote viko upande mmoja wa sifuri, mmeunganisha brashi kwenye pete iliyokatwa badala ya zile pete mbili kamili. Hapo hamgawanyi kwa mbili: kimo kutoka sifuri hadi juu ndicho kilele, na mzunguko mmoja wa koili ni vilima viwili, si kimoja. RMS haibadiliki, kwa kuwa kipeo cha pili hakikujali alama tangu mwanzo.

Ledi ndiyo swali nililolipenda kuliko yote, kwa sababu haisikilizi RMS. Ledi nyekundu inahitaji kama volti 1.8 ndipo ianze kupitisha mkondo. Kwa mizunguko 25 kilele chenu ni 1.26, hata wimbi likiwa juu kabisa halifiki, na kitaa hakitawaka hata mkizungusha mchana kutwa. Kwa mizunguko 50 RMS ni volti 1.78, bado iko chini ya 1.8, na mtu aliyekariri kwamba RMS ndiyo volteji halisi angesema hakiwaki. Kimewaka kwa sababu kilele ni 2.51. Wimbi linavuka 1.8 pale sin ωt inapofika 0.72, karibu digrii 46, na linashuka chini yake kwenye digrii 134. Ni digrii 88 kati ya 360, kama robo ya mzunguko. Mzunguko mzima ni milisekunde 20, kwa hiyo kitaa kinawaka milisekunde 5 na kuzima 15, mara 50 kwa sekunde, na jicho linaona mwanga mmoja hafifu. Kipepeeni hewani gizani, mtaona vipande vya mwanga vilivyoachana. Wekeni rezista ya omu 33 mfululizo na kitaa, maana waya wa koili yenu pekee, kama una unene wa milimita 0.3, una omu 4 hivi tu za kukizuia mkondo.

Halafu unganisheni oskiloskopu sambamba na ledi na rezista yake, mtazame vilele. Upande mmoja wa wimbi, ule ledi inaopitisha, utashuka kidogo tu kuliko ule mwingine. Badilisheni ledi muweke balbu ya tochi ya omu 6 badala yake, na kilele kitashuka kutoka 2.51 hadi karibu 1.5, kwa kuwa omu 4 za koili zinakula sehemu yake. Mkifanya hivyo tazameni ulalo pia. Mawimbi yakibaki visanduku 2, kilichopunguza kilele ni ukinzani wa ndani peke yake. Yakitanuka yakawa 2.3 au 2.5, mota imelemewa na kupunguza mwendo, na sehemu ya upungufu ni ya kasi. Pimeni vyote viwili kabla hamjaandika ukinzani wa koili kwenye jedwali, na mnitumie namba mlizopata.